Saa tatu kasorobo kwenye simu ni saa ngapi?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nimekulia Maskati, sasa nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Tanga, Raskazone. Saa kamili nimezizoea, natoa sita au najumlisha sita. Nikifika kwenye nusu na kasorobo ndipo napotea. Juzi nahodha aliniambia atawachukua wageni kwenda kisiwa cha Toten saa tatu kasorobo asubuhi, tukachelewa saa nzima. Kesho yake nikampangia mwenyewe dereva wa bajaji, naye akaja saa nzima kabla. Halafu tiketi ya mgeni mmoja imeandikwa 12:45 asubuhi, kondakta anasema saa moja kasorobo. Nani mkweli? Nishike kanuni gani?*

Marahaba mwanangu. Tiketi na kondakta wote ni wakweli, na nitafika huko. Tuanze na nahodha na dereva, kwa sababu yaliyokupata kwao ni kosa moja. Kwa nahodha ulikosea ukisikiliza, kwa dereva ukakosea ukisema.

Nahodha aliposema saa tatu kasorobo, wewe ulichukua tatu, ukajumlisha sita, ukapata tisa. Hadi hapo uko sawa. Kisha ukakumbuka kwamba kasorobo kwenye simu huonekana kama 45, ukaiweka mbele ya tisa, na kwenye ubao wa wageni ukaandika 9:45. Nahodha alikusudia 8:45. Alikuwa anakwambia kwamba saa tatu haijafika, imebakia robo. Ile tisa yako ni saa inayokuja, na simu haiitaji saa inayokuja mpaka iwe imefika. Robo saa kabla ya tisa, simu bado inaandika nane.

Kwa dereva mambo yaligeuka. Ulimtaka saa 8:45. Ukachukua nane uliyoiona kwenye kioo, ukatoa sita, ukapata mbili, ukaona 45, ukamwambia: "Njoo saa mbili kasorobo." Naye akaja 7:45, kama ulivyomwambia. Ndiyo maana kosa hili lina tabia ya kukuchelewesha ukisikiliza na kuwawahisha wengine ukisema. Ukiona umepishana na mtu kwa saa nzima kamili, isiyopungua wala kuzidi, usitafute kwingine, ni kasorobo.

Kanuni unayoitaka iko kwenye mpangilio wa hatua. Wewe unahamisha sita kwanza, kisha unaangalia dakika. Fanya kinyume chake. Tazama dakika kwanza, uamue ni saa gani itakayotajwa, iliyopita au inayokuja. Ukishaiamua, hiyo ndiyo unayoihamisha kwa sita. Robo na nusu haziguswi, maana dakika za Kiswahili na za simu ni zile zile.

Basi 8:45 iende hivi. Dakika ni arobaini na tano, kwa hiyo nitataja saa inayokuja. Inayokuja baada ya nane ni tisa. Tisa nikitoa sita ni tatu. Saa tatu kasorobo. Na 8:30 iende hivi: dakika ni thelathini, nusu hutaja saa iliyopita, nayo ni nane. Nane nikitoa sita ni mbili. Saa mbili na nusu, au kama wazee wetu wengi hapa wanavyosema, saa mbili u nusu. Robo ya kwanza nayo hufuata nusu: 8:15 ni saa mbili na robo. Kwa hiyo ndani ya saa moja jina linabadilika njiani. Mbili kamili, mbili na robo, mbili na nusu, halafu ghafla tatu kasorobo. Ukilizoea hilo badiliko lililo kati ya nusu na kasorobo, kazi kubwa imekwisha.

Ukisikiliza, nenda njia hiyo hiyo kwa kurudi. Umesikia saa tano kasorobo asubuhi. Tano na sita ni kumi na moja. Neno ni kasorobo, basi rudi nyuma robo saa kutoka 11:00, unapata 10:45. Usiandike kitu chochote kabla ya kurudi nyuma. Mkono una haraka ya kuandika 11 mara tu kichwa kinapoipata, na ukishaiandika, 45 huja yenyewe kukaa mbele yake.

Kati ya nusu na kasorobo pana sehemu ambayo hata sisi wenyeji hatusemi namna moja. Saa 8:40 mmoja atasema saa mbili na dakika arobaini, mwingine saa tatu kasoro dakika ishirini. Wote wamesema kweli. Ukiwa na wasiwasi, hiyo ya kwanza ndiyo salama kwako, maana inataja saa iliyopita kama simu. Hata 8:45 unaweza kuisema saa mbili na dakika arobaini na tano. Watu wataona unasema kama mtangazaji wa redio, lakini hakuna atakayekosea.

Sasa njoo kwenye saa ya mishale, kwa sababu mapokezi mengi yana moja ukutani na nahodha wako ataitazama akizungumza nawe. Namba yoyote kwenye uso wa saa imetazamana na namba iliyo mbali nayo kwa sita: tisa na tatu, nane na mbili, saba na moja, kumi na mbili na sita. Kwa hiyo ukivuta mstari kutoka ncha ya mshale mfupi ukapita katikati mpaka upande wa pili, mstari huo unaangukia saa ya Kiswahili. Saa nyingi za ukutani zimekusaidia kabisa: mshale mfupi una kimkia kifupi kinachotokeza nyuma ya msumari wa katikati. Hicho kimkia ndicho kinachosoma Kiswahili. Itazame ikifika 8:45. Mshale mfupi umeshaiacha nane, umekaribia tisa. Kimkia chake nacho kimeiacha mbili, kimekaribia tatu. Kwa macho tu unaona kwamba saa iliyo karibu ni tatu, na haijafika.

Lakini kimkia ni cha mshale mfupi peke yake. Mshale mrefu unasomwa palepale ncha yake ilipo. Ukiugeuza na wenyewe utaanguka kwenye kosa la pili, ambalo nimeliona kwa vijana wengi wanaofundishwa kwamba saa ya Kiswahili ni kuipindua saa. Mshale mrefu ukiwa kwenye tisa ni kasorobo. Ukiupindua unakuwa kwenye tatu, nawe utasema na robo. Ukiwa kwenye sita ni nusu. Ukiupindua unakuwa kwenye kumi na mbili, nawe utasema kamili. Anayefanya hivi hupishana na wenzake kwa nusu saa. Basi sasa unaweza kujipima mwenyewe: ukipishana na mtu kwa saa nzima, umetaja saa isiyo yake kwenye kasorobo. Ukipishana kwa nusu saa, umeupindua mshale mrefu. Ukipishana kwa saa sita, mmoja wenu hakuhamisha kabisa.

Nusu ina jambo moja linalokuhusu wewe wa mapokezi kuliko mwingine. Tanga ina udugu na mji wa Eckernförde wa Ujerumani tangu 1963, na Wajerumani huja hapa. Katika lugha yao nusu hutaja saa inayokuja: wakati sisi tunasema saa mbili na nusu, yaani 8:30, wao huita nusu ya tisa. Mgeni wa namna hiyo akijifunza Kiswahili chetu, anaweza kusikia saa tatu na nusu akaielewa kuwa saa tatu haijafika. Huyo usimsahihishe kwa mdomo tu, muandikie 09:30 kwenye karatasi aone.

Turudi kwenye tiketi ya mgeni wako, ya basi linaloondoka stendi ya Kange. Hapa ndipo watu wengi hugombana bure, kwa kuwa mambo mawili yamekutana mahali pamoja. La kwanza, tiketi nyingi zetu zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili lakini kwa umbo la saa ya kioo. Mwandishi ameshahamisha sita, kisha akaandika saa iliyopita na dakika zake. La pili, saa yenyewe iko mpakani, pale kumi na mbili inapoiachia moja. Fanya hesabu. Basi linaondoka 06:45 kwa saa ya simu. Kwa kuandika, saa iliyopita ni sita. Sita nikitoa sita inabaki sifuri, na sisi hatuna saa sifuri, tunaiita kumi na mbili. Ndiyo 12:45 asubuhi. Kwa kusema, dakika arobaini na tano zinataka saa inayokuja, nayo ni saba. Saba nikitoa sita ni moja. Ndiyo saa moja kasorobo. Karatasi imetaja saa iliyopita na mdomo umetaja inayokuja, na basi ni lile lile. Mgeni wako awe Kange kabla ya 06:45, na umwamshe mapema zaidi, kwa sababu kutoka Raskazone hadi Kange ni kuuvuka mji.

Mpaka huo wa kumi na mbili uufanyie mazoezi peke yake mpaka usikubabaishe. Saa 5:45 alfajiri ni saa kumi na mbili kasorobo. Saa 6:15 ni kumi na mbili na robo, 6:30 ni kumi na mbili na nusu, na 6:45 ni moja kasorobo. Jioni ni vile vile: 17:45 ni kumi na mbili kasorobo, 18:30 ni kumi na mbili na nusu, 18:45 ni moja kasorobo. Kwa saa za baada ya usiku wa manane, ambazo kwenye simu ni ndogo kuliko sita, huwezi kutoa, basi jumlisha. Saa 00:45 inataka inayokuja, ni moja, moja na sita ni saba: saa saba kasorobo usiku. Ukitumia simu ya saa ishirini na nne, na hesabu ikakupa zaidi ya kumi na mbili, ondoa kumi na mbili. Mfano 20:45: inayokuja ni ishirini na moja, toa sita ni kumi na tano, ondoa kumi na mbili ni tatu. Saa tatu kasorobo usiku.

Usitegemee kwamba simu itakufanyia kazi hii ukiiweka Kiswahili. Itakuandikia majina ya siku na miezi kwa Kiswahili, lakini saa zitabaki zinahesabiwa kutoka usiku wa manane.

Sasa linalobaki ni kujua maandishi uliyoshika mkononi yamehesabiwa vipi, kwa sababu si kila tiketi na si kila tangazo huandikwa kama ile. Neno la wakati linalofuata namba ndilo litakalokuambia, na asubuhi husema wazi. Ukikuta 12, 1, 2 au 3 pamoja na asubuhi, hiyo imeshahamishwa, kwani hakuna Mswahili anayeiita 1:45 ya usiku wa manane asubuhi. Ukikuta 7, 8 au 9 pamoja na asubuhi, hiyo ni ya simu, hamisha mwenyewe. Ukikuta 10:30 au 11:30 pamoja na alfajiri, hiyo ni Kiswahili, yaani 4:30 na 5:30. Kwa namba hizo hizo zikiwa na asubuhi, kwa kawaida ni saa ya simu, lakini uliza, maana wapo wanaoiita hata 5:30 asubuhi.

Usiku hausaidii hata kidogo, na hapo nakuomba usikisie kamwe. Tangazo la arusi likisema 1:30 usiku, kwa Kiswahili ni 19:30, kwa simu ni saa saba na nusu usiku, na maneno yote mawili yanakubali kuitwa usiku. Basi linaloingia 8:30 usiku linaweza kuwa 20:30, linaweza kuwa 02:30. Namba haina la kukuambia. Uliza kwa jambo ambalo halina hesabu mbili. Hapa kwetu unauliza hivi: "Ni karibu na isha au watu wameshalala?" Mtu atakujibu papo hapo. Wakati mwingine na akili ya kawaida inatosha, kwani mwaliko wa chakula hauwezi kuwa saa nane usiku, lakini basi linaweza.

Neno jioni au usiku hufuata wakati wenyewe, halifuati jina la saa. Saa moja kamili wengi tunaiita usiku. Saa moja kasorobo je? Hapa Tanga jua halizami wakati mmoja mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na robo, na mwanzoni mwa Februari ni kama saa moja kasorobo ndipo linazama. Kwa hiyo saa moja kasorobo ya Novemba giza limeshaingia na mtu akikwambia usiku hajakosea, na ya Februari watu hata hawajaingia msikitini kwa magharibi, wataiita jioni. Ukisikia majina mawili kwa saa hiyo, usidhani ni saa mbili tofauti.

Jambo la mwisho linalowachanganya waliozoea lugha nyingine ni pale saa moja na nusu isipokuwa saa ya ukutani. Dereva akikuambia "nakuja baada ya saa moja na nusu," anaweza kuwa anasema dakika tisini kutoka sasa, na anaweza kuwa anasema baada ya 7:30. Muda wa safari au wa kungoja hauhamishwi kwa sita. Sita ni ya saa za siku tu. Kukiwa na asubuhi, mchana au usiku mbele yake, ni saa ya ukutani. Kukiwa na "kutoka sasa" au "njiani", ni muda. Kukiwa hakuna chochote, muulize, "Yaani saa ngapi utakuwa hapa?"

Na ukitaka kujumlisha muda kwenye saa, baki ndani ya Kiswahili mpaka umalize. Tuseme basi la mgeni wako limeondoka saa moja kasorobo na kondakta anasema watatumia saa tano na nusu kufika Dar es Salaam. Moja kasorobo ukiongeza saa tano ni sita kasorobo. Ongeza nusu: robo moja inaifikisha sita kamili, robo ya pili inaifikisha sita na robo. Saa sita na robo mchana. Sasa ndipo uhamishe kwa ajili ya mgeni: iliyopita ni sita, sita na sita ni kumi na mbili, 12:15. Wanaohamisha, wakajumlisha, kisha wakahamisha tena katikati ya hesabu ndio wanaoishia kumpokea ndugu yao stendi wakati ameshafika nyumbani.

Kwenye ubao wa wageni andika tarakimu nne siku zote, 08:45 na 06:45, wala usichanganye na za Kiswahili. Kwenye daftari lako la mabaharia na madereva andika kwa maneno, saa tatu kasorobo asubuhi, kama walivyosema wao. Na kabla hujaachana na nahodha, mrudishie kwa njia ya pili: "Yaani ikiwa imebaki robo kufika saa tatu, siyo?" Akisema ndiyo, mnaongea saa ile ile. Kwa tarehe za usiku mrudishie pia siku, kwani 00:30 ya Ijumaa kwenye simu wengi wetu huisema saa sita na nusu usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, na ukimwambia mtu Ijumaa usiku atakuja siku nzima baadaye.